Hisa 2,000 kila mmoja mwaka 2014: shemeji bado anazo 2,000, mimi nina 3,954. Yeye anasema sijafaidi kitu

#1 Mwl_Nzuguni

Wakuu, salaam. Mwaka 2014 mimi na shemeji yangu tulinunua hisa 2,000 kila mmoja, kampuni moja, siku moja, bei shilingi 400. Kampuni siitaji, sitaki uzi ugeuke wa kuisifu au kuiponda. Tangu hapo yeye gawio likiingia analitoa na kulitumia. Mimi nina kanuni moja: siku gawio linapoingia, kabla sijalala, oda ya kununua hisa za kampuni ileile imeshakwenda. Sijawahi kuongeza hata shilingi moja ya mshahara.

Magawio kumi yamepita, 2015 hadi 2024. Yeye ana 2,000, mimi nina 3,954.

Juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada huko Mpunguzi mambo haya yakaibuka. Akaniambia mbele ya wazee: "Hisa ikitoa gawio la shilingi 50, bei yake inashuka 50. Wewe unachukua hela ya mfuko wa kushoto unaitia wa kulia, na katikati TRA na broka wanamega." Nilikosa jibu. Naomba mnisaidie, yupo sahihi au hayupo?

#2 Kijana_wa_AreaC

Mwalimu, mbona jibu unalo mkononi? 3,954 na 2,000 ipi kubwa?

#3 Kilimani86

Mimi naona kuna kosa kwenye hesabu yako. Gawio la kwanza lilikuwa shilingi ngapi? Kama lilikuwa 20 kwa hisa uliyonunua 400, hiyo ni asilimia 5. Asilimia 5 kwa miaka kumi ni asilimia 50, ungefika hisa 3,000. Hata ukiweka riba juu ya riba huwezi kufika 3,954. Kuna hela nyingine umeingiza ukasahau.

#4 Mwl_Nzuguni

@Kilimani86 sijaingiza. Daftari ninalo. Kodi ya zuio asilimia 5 inakatwa kabla hela haijanifikia, na mimi kwenye kununua nahesabu asilimia 2.5 ya gharama zote ili nisikosee. Salio lisilotosha hisa moja nalibeba hadi gawio linalofuata. Haya hapa, bei ni ile niliyonunulia:

2015: gawio 20, bei 400, nikapata hisa 92
2016: gawio 20, bei 360, hisa 108
2017: gawio 12, bei 250, hisa 98
2018: gawio 10, bei 180, hisa 119
2019: gawio 12, bei 150, hisa 179
2020: gawio 15, bei 140, hisa 258
2021: gawio 20, bei 240, hisa 220
2022: gawio 30, bei 340, hisa 251
2023: gawio 40, bei 420, hisa 294
2024: gawio 50, bei 500, hisa 335

Jumla 1,954. Jumlisha na zile 2,000.

#5 BrokaMstaafu

Ahsante mwalimu kwa kuweka daftari mezani, wengi huleta hadithi bila namba.

@Kilimani86 ulipokosea ni kushika bei ya 400 kana kwamba ndiyo bei ya milele. Mwalimu alilipa 400 mara moja tu, 2014. Baada ya hapo kila gawio lilinunua kwa bei ya mwaka wake. Kwa hiyo kinachoamua hisa zinaongezeka kwa kasi gani ni gawio la mwaka huo likigawanywa kwa bei ya mwaka huo. Mwaka 2015 ilikuwa 20 kwa 400, na baada ya kodi na kamisheni hisa zake ziliongezeka kwa asilimia 4.6. Angebaki na kasi hiyo miaka yote kumi, leo angekuwa na kama 3,130. Lakini tazama 2020: gawio 15 tu, dogo kuliko la 2015, ila bei ilikuwa 140. Alianza mwaka na hisa 2,596 akaongeza 258. Hiyo ni karibu asilimia 10 kwa mwaka mmoja.

Sasa weka 2020 ubavuni mwa 2023. Mwaka 2020 alitumia kama shilingi 37,000 akapata hisa 258. Mwaka 2023 alitumia zaidi ya 126,000 akapata 294. Hela zaidi ya mara tatu, hisa 36 za ziada tu. Mwalimu, hiyo miaka uliyokuwa unaona bei inaporomoka roho ikikuuma ndiyo iliyokujazia kapu.

#6 MamaNeema_Chamwino

Roho kuuma siyo mchezo. Mimi nilinunua hisa kwa bei ya 400 kabla ya anguko lile, nikauza kwenye 170. Nilisema hela ya watoto haiwezi kuyeyuka nikiangalia.

#7 Kibaigwa_Mahindi

Hili jambo sisi wa sokoni tunalijua hata bila hisa. Mavuno yakiwa mengi gunia linashuka, mwenye ghala na hela kidogo anajaza. Bei ikipanda Desemba hadi Februari ndipo unajua nani alinunua wakati wengine wanakimbia. Mwalimu alikuwa anajaza ghala bila kujijua.

#8 BrokaMstaafu

@Kibaigwa_Mahindi mfano mzuri, ila una mpaka wake. Gunia unafungua unaingiza bambo, unaona kama kuna wadudu. Hisa ikishuka kutoka 400 hadi 140 inaweza kuwa imelala tu, au imeoza. Mwenye kanuni ya kununua kila gawio bila kuangalia atazijaza zote mbili kwa bidii ileile.

Bambo la hisa ni hili: kwenye hesabu za mwaka tafuta faida kwa kila hisa, ilinganishe na gawio. Kampuni inapata 40 inatoa 15, hiyo inapumua. Inapata 9 inatoa 15, gawio linatoka kwenye akiba za zamani, na mwaka mmoja au miwili mbele litakatwa. Mwalimu, uliwahi kuangalia hilo 2019?

#9 Mwl_Nzuguni

Kwa ukweli 2018 sikuangalia, nilinunua kwa kanuni tu. Mwaka 2019 nilianza kusoma taarifa, faida ilikuwa juu ya gawio kila mwaka. Hilo ndilo lililonipa usingizi.

Lakini bado hamjajibu hoja ya shemeji. Bei kushuka kwa kiasi cha gawio, ni kweli?

#10 Kijana_wa_AreaC

Sio kweli. Mimi nipo kwenye programu ya simu ya Hisa Kiganjani kila siku, naona kampuni inatoa gawio na bei inakaa palepale.

#11 BrokaMstaafu

Kijana, unachokiona ni soko lisilo na shughuli nyingi. Hisa inaweza kukaa siku kadhaa bila muamala mkubwa, kwa hiyo bei ya jana inabaki kwenye skrini. Hoja ya shemeji yenyewe ni sahihi. Siku ya mwisho ya kununua na kupata gawio ikipita, anayenunua anapata kampuni ambayo hela ile imeshahesabiwa kutoka. Hawezi kulipa sawa na wa jana. Kwenye masoko makubwa utaona bei inafungua ikiwa chini kwa karibu kiasi cha gawio. Kwetu inachelewa au inamezwa na mambo mengine, ila mantiki ni hiyohiyo.

Kwa hiyo tuwe wakweli. Siku ile ya kununua tena, mwalimu hajafaidi chochote. Tuseme hisa ni 500 na gawio ni 50. Kabla ana hisa 100 zenye thamani ya 50,000. Baada ya gawio hisa ni 450, zake zina thamani ya 45,000, na mkononi ana 5,000 ambayo kodi inaishusha hadi 4,750. Akinunua kwa 450 na gharama juu, anapata hisa 10. Sasa ana 110 kwa 450, yaani 49,500, na visenti vya salio. Idadi imepanda, thamani imeshuka kidogo. Hapo shemeji ameshinda.

Alipokosea ni kufunga hesabu siku hiyohiyo. Zile hisa 10 mwakani zinatoa gawio lao, na faida ambayo kampuni haikuigawa inazifanyia kazi nazo pia. Kama kampuni haizalishi, hata ufike hisa 10,000 hakuna kitu.

#12 Kilimani86

Sawa nimekubali kosa la asilimia. Lakini basi tufanye hesabu ya haki kati yao. Shemeji amepokea magawio kumi, jumla 229 kwa hisa. Mara 2,000 toa kodi ni shilingi 435,100. Hisa zake kwa bei ya 500 ni 1,000,000. Jumla 1,435,100. Mwalimu 3,954 mara 500 ni 1,977,000. Tofauti ni kama laki tano na arobaini, siyo mara mbili kama kichwa cha uzi kinavyotaka tuamini.

#13 MamaNeema_Chamwino

Na hiyo laki nne ya shemeji haikukaa bure. Alifanyia nini?

#14 Mwl_Nzuguni

Hapo ndipo penye utata. Ana shamba la zabibu huko Hombolo. Miaka ya kwanza gawio alilitumia nyumbani, lakini kuanzia 2018 anasema lote linaingia shambani: samadi, nguzo, waya, vibarua wa kupogoa.

#15 Zabibu_Hombolo

Basi mwalimu huyo shemeji yako naye anawekeza tena, ila hakuwekeza kwenye hisa. Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mzabibu ukishakaa unazaa miaka mingi. Elfu ishirini ya samadi kwa wakati inaweza kuokoa mavuno. Huwezi kusema alikula.

#16 Kijana_wa_AreaC

Na ukikosa mnunuzi zabibu zinaoza wiki moja. Hisa haiozi.

#17 Zabibu_Hombolo

Kweli inatokea, na inauma. Ila hisa nayo ukitaka kuuza 3,954 kwa siku moja unampata mnunuzi? Muulize huyo broka.

#18 BrokaMstaafu

Kwa kampuni zinazochuuzwa sana, ndiyo. Kwa nyingine oda inaweza kukaa wiki. Na hilo linamgusa hata mnunuzi: gawio likiingia kwa wote kwa wakati mmoja, wenye kanuni kama ya mwalimu wanapanga foleni siku zilezile, bei inasukumwa juu kidogo. Mimi wateja wangu nilikuwa nawaambia weka oda kwa bei unayoitaka, usinunue kwa bei yoyote iliyopo.

#19 Dereva_wa_Bahi

Habari zenu. Mimi hisa zangu zinaongezeka kila mwezi kwenye SACCOS, wanakata kwenye malipo. Hiyo ndiyo mnayoizungumzia?

#20 Mwl_Nzuguni

Kaka karibu. Hapana, hiyo ya kwako ni hela mpya inayotoka mfukoni. Hapa tunazungumzia hisa zinazonunuliwa na matunda ya hisa zenyewe.

#21 MamaNeema_Chamwino

Ila SACCOS nayo ina lake. Sisi mkutano mkuu wa mwaka juzi ulipitisha gawio la wanachama lisitolewe taslimu, liongezwe kwenye hisa. Na hisa ya SACCOS yetu bei haibadiliki, ni 10,000 leo na kesho. Hakuna kushuka wala kamisheni. Nadhani ndiyo safi zaidi kuliko hii ya soko.

#22 BrokaMstaafu

@MamaNeema_Chamwino ni safi kwa upande mmoja. Bei isiyobadilika maana yake hushuki, lakini pia hupati ile nafasi ya mwalimu ya kununua kwa 140 kitu ambacho baadaye kinauzwa 500. Ongezeko lako ni lile gawio tupu.

#23 Kijana_wa_AreaC

Ndiyo maana mimi sipendi Mfuko wa Umoja wa UTT. Nina vipande vyangu tangu 2019 na idadi haijaongezeka hata kimoja. Hakuna gawio, kwa hiyo hakuna faida inayozaa faida.

#24 Kilimani86

Kijana hapo unateleza, na mimi ndiye niliyeteleza kwanza kwa hiyo nisikilize. Umoja hautoi gawio, mapato yanabaki ndani ya mfuko na yanawekezwa humo. Idadi ya vipande haiongezeki, thamani ya kipande ndiyo inayopanda. Angalia bei ya kipande uliyonunulia 2019 na ya leo. Uzaaji upo, ila unafanyika ndani, wewe huuoni.

#25 BrokaMstaafu

Umesema vizuri kuliko mimi. Na hiyo ndiyo sababu idadi ya hisa peke yake inaweza kudanganya. Kampuni isiyogawa faida ikaiweka kwenye kazi inakuwekezea yenyewe, bila kamisheni ya broka. Kampuni inayogawa inakuachia wewe uamue. Tofauti ni nani ana mahali pazuri pa kuiweka hela ile, wewe au wakurugenzi.

Kuna nchi kampuni yenyewe inakuwa na mpango: unajaza fomu mara moja, gawio halifiki mkononi kabisa, unaandikiwa hisa, hata kipande cha hisa. Nyingine hutoa hisa mpya kwa ajili hiyo, tena kwa punguzo. Hapo asiyejiunga anapunguziwa sehemu yake, kwa sababu hisa za jumla zimeongezeka na za kwake zimebaki palepale. Kwa mwalimu haikuwa hivyo, yeye alinunua za watu wengine sokoni, kwa hiyo hakumpunguzia shemeji chochote.

#26 Bint_Singida

Samahani naingia kuchelewa, nina jambo langu. Mimi mwaka 2017 nilihamia Dodoma kikazi, nikafunga akaunti ya benki ya zamani. Sikuwataarifu. Magawio ya 2018, 2019 na 2020 hayakuingia popote, yakakaa kwenye yasiyodaiwa. Nilipofuatilia 2021 nikalipwa yote kwa pamoja, kiasi kilekile, bila nyongeza hata ya senti. Ilikuwa kampuni nyingine, siyo ya mwalimu, lakini bei yake nayo ilikuwa imeshuka sana miaka ileile na nilipolipwa ilishapanda. Nilinunua hisa kama nusu ya zile ambazo ningepata kwa wakati.

#27 Mwl_Nzuguni

Dada pole sana. Hii inaniogopesha maana mimi pia nimebadilisha namba ya simu mwaka huu.

#28 BrokaMstaafu

Nenda kabadilishe wiki hii, kwenye akaunti yako ya CSD, ile inayotunza kumbukumbu za hisa zako, kupitia broka. Na kila mtu afanye ukaguzi mdogo gawio likiingia. Chukua kiasi ulichopokea, gawanya kwa 0.95, kisha gawanya kwa gawio la hisa moja. Jibu ni idadi ya hisa ulizohesabiwa. Mteja wangu mmoja alipokea 24,700 kwa gawio la 20. Gawanya kwa 0.95 unapata 26,000, gawanya kwa 20 ni hisa 1,300. Taarifa yake ya CSD inasema 1,420. Zimepungua 120.

#29 Kilimani86

Ziliibiwa?

#30 BrokaMstaafu

Hapana, zilikuwepo zote. Alizinunua baada ya daftari la wanahisa kufungwa, kwa hiyo gawio la zile 120 lilikwenda kwa aliyemuuzia. Lakini angekuta pengo lisilo na maelezo ya tarehe, hapo ni kupeleka taarifa ya CSD kwa broka na kudai kwa maandishi.

#31 Dereva_wa_Bahi

Na mwenye hisa chache? Mimi nikianza na 150, gawio la 50 ni kama elfu saba baada ya kodi. Kuna maana ya kununua kila mwaka?

#32 Kibaigwa_Mahindi

Kusanya miaka miwili ununue kwa mkupuo.

#33 Mwl_Nzuguni

Mimi nisingekusanya. Kamisheni ni asilimia, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa, na hela iliyokaa kwenye simu ina miguu.

#34 BrokaMstaafu

Inategemea broka wako. Wapo wanaotoza kima cha chini kwa kila oda. Muulize kwanza. Kama kima cha chini ni 1,000, kwenye elfu saba hiyo ni asilimia 14, inameza gawio la mwaka mzima la hisa utakazonunua. Hapo kusanya. Kama ni asilimia tupu, mwalimu yupo sahihi.

#35 Mwl_Nzuguni

Wakuu, mrejesho. Jana jioni nimekwenda kwa shemeji na daftari. Nimemkubalia hoja ya bei kushuka, akafurahi sana. Kisha nikamwonyesha mstari wa gawio lijalo: likiwa 50 tena, yeye anapata 95,000, mimi 187,815, na tulianza sawa. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari lake la zabibu. Kuanzia 2018 ameingiza gawio zote shambani, lakini hakutenganisha hela ya gawio na ya mshahara, kwa hiyo hatukuweza kujua mizabibu ipi imetokana na nini. Tumekubaliana msimu huu atenganishe.

Ila ameniuliza swali ambalo limenikalia kooni: "Na wewe utaanza kula lini?" Nina miaka 51.

#36 MamaNeema_Chamwino

Mtoto akiingia chuo. Hiyo 187,815 ni sehemu ya ada.

#37 Kilimani86

Mimi ningenunua hadi siku ya kustaafu, halafu siku hiyohiyo nageuza kanuni, gawio lote linaingia kwenye matumizi. Kuuza hisa hapana.

#38 BrokaMstaafu

Mimi nimestaafu na bado narudisha nusu. Bei za vyakula Majengo sokoni hazikustaafu na mimi, gawio linalobaki palepale kila mwaka linanunua unga pungufu kuliko mwaka jana. Lakini sijui kama nusu ndiyo sahihi. Mke wangu anasema robo inatosha.